Je, ni lazima wasailiwa wote waitwe saa 2:00 asubuhi ilhali jopo linamsaili mmoja mmoja?

#1 Mratibu wa Zamu

Wanajukwaa, salaam. Nimepewa jukumu la kupanga ratiba ya usaili wa mahojiano katika taasisi ninayofanyia kazi, na kabla sijapeleka rasimu kwa mkuu wangu ningependa kusikia maoni ya wenye uzoefu. Wasailiwa waliopita mchujo ni 78. Jopo ni moja, lina wajumbe watano, na limeidhinishiwa siku tatu tu. Kila siku litaanza saa 2:30 asubuhi, litapumzika kwa chakula kuanzia saa 7:00 hadi saa 8:00 mchana, na litafunga saa 10:00 jioni kwa sababu wajumbe wawili wanatoka nje ya mkoa na hawawezi kuongezewa muda. Kila msailiwa ametengewa dakika 15.

Ukigawanya, siku moja ina vipindi 26, na 26 mara tatu ni 78. Kwenye karatasi hesabu inakaa sawasawa. Utaratibu tuliourithi ni kuwaita watu wote 26 wa siku hiyo saa 2:00 asubuhi, ili hata mmoja akichelewa jopo lisikose mtu wa kuhoji. Hoja yangu ni kwamba mtu wa mwisho huingia saa 9:45 alasiri, yaani anakaa kwenye benchi saa 7 na dakika 45 kwa mahojiano ya robo saa. Je, kuna sababu ya msingi ya kufanya hivi, au ni mazoea tu?

#2 Mzee wa Masijala

Sababu ipo, na wanaopanga ratiba wakiwa mezani huisahau: uhakiki wa vyeti. Tazama tangazo lolote la kuitwa kwenye usaili la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, utaona msailiwa anatakiwa kuja na vyeti halisi na kitambulisho, na kwamba hati za matokeo hazikubaliwi badala ya cheti. Sasa watu 26 wakifika, si wote wamelisoma tangazo hadi mwisho. Mmoja ana nakala tu, wa pili majina yake ya cheti cha kidato cha nne hayafanani na ya shahada, wa tatu kitambulisho amekiacha alikofikia. Wote hao wanahitaji muda wa kushughulikiwa kabla hawajaliona jopo. Ukimwita mtu dakika chache kabla ya zamu yake na vyeti vyake vikawa na kasoro, kipindi chake kimekufa.

#3 Zainabu wa Mwisho

Naomba nichangie kama mtu aliyekalia benchi hilo. Sisi ambao majina yetu yanaanza na Z tunaifahamu vizuri adha hii, kwa kuwa orodha hupangwa kwa alfabeti na hakuna anayefikiria kuigeuza. Katika usaili mmoja niliripoti saa 1:30 asubuhi, vyeti vyangu vikahakikiwa kabla ya saa 3:00, kisha nikaitwa saa 10 jioni ikiwa imepita. Mwenyekiti wa jopo alikuwa amekwisha kuvua miwani, mjumbe mmoja alikuwa anapanga makaratasi mkobani, na swali la tatu nililisomewa mara mbili kwa sababu msomaji alipoteza mstari. Kwa hiyo #2, kwa heshima zote mzee wangu, uhakiki unaelezea saa ya kwanza ya kusubiri, hauelezei saa sita zinazofuata.

#4 Kijana Mtafutaji

Wakuu, nashukuru kwa mada. Mimi niliomba kazi tangu mwaka jana na akaunti yangu bado inaonyesha maombi yamepokelewa. Je, hii ina maana nitaitwa saa 2:00 asubuhi au nisubiri tangazo lingine?

#5 Mzee wa Masijala

#4, kijana wangu, mada inahusu namna ya kuwapanga walioitwa tayari. Ukiitwa, tangazo litakuambia siku na saa. Kwa sasa lala unono.

#6 Posho Kwanza

Mnazunguka mbuyu. Muda wa wajumbe una bei, kwa kuwa wanalipwa posho na nauli, na mkaguzi ataulizia kila saa waliyokaa bure. Muda wa msailiwa hauonekani kwenye kitabu chochote cha hesabu. Mahali ambapo kusubiri kwa upande mmoja kuna gharama na kwa upande mwingine hakuna, ratiba itaegemea upande wenye gharama kila siku, na mazoea anayoyasema #1 ni jina la kistaarabu tu la jambo hilo.

#7 Hesabu Rahisi

Suluhisho lipo tangu mwaka 1952. Mtakwimu Mwingereza Norman Bailey alichunguza foleni za wagonjwa wa nje hospitalini akapendekeza waitwe wawili wawili kila mara, ili daktari asikae bila mtu. Fanya vivyo hivyo: ita wawili kila baada ya nusu saa, na ongeza dakika tano kwa kila kipindi kama tahadhari.

#8 Takwimu za Kihonda

#7 umemtaja mtu sahihi lakini pendekezo lake umeligeuza kidogo. Bailey alishauri wagonjwa wawili waitwe mwanzoni tu, kisha mmoja mmoja kwa kufuata muda wa wastani wa kumhudumia mgonjwa. Yule wa pili wa mwanzo ndiye akiba inayosafiri na foleni siku nzima. Aidha, hesabu yake ilichukulia kwamba wagonjwa wanafika kwa wakati, na hapo ndipo mada ya leo inapoachana naye.

Tuone kinachotokea asubuhi moja. Tuseme umewaita watu wanne, A, B, C na D, kila mmoja kwa saa yake kamili: 2:30, 2:45, 3:00 na 3:15. Mahojiano yao halisi yanachukua dakika 13, 19, 12 na 16. Jumla ni 60, kwa hiyo wastani ni dakika 15 zilezile ulizopanga, na kwa upande wa jopo hakuna aliyekosea. Ila A amefika saa 2:41. Jopo limekaa bure dakika 11, kwa kuwa B amekuja karibu na saa yake na hapakuwa na mtu wa kumtanguliza. A anatoka saa 2:54, B saa 3:13, C saa 3:25, D saa 3:41. Saa moja ya kazi imeisha dakika 11 nyuma ya ratiba, na hizo ni zilezile alizochelewa mtu wa kwanza. Dakika ambayo jopo limekaa bila mtu hairudi, hata baadaye wasailiwa wote wakiwahi.

Sasa waite wote wanne waripoti saa 2:00 kwa ajili ya kundi la saa 2:30. A akawa bado hajaonekana. Anaingia B saa 2:30 na kutoka 2:49, C anatoka 3:01, D anatoka 3:17. A, ambaye alifika 2:41 na kuhakikiwa vyeti wakati wenzake wako ndani, anaingia wa mwisho katika kundi lake na kutoka saa 3:30 kamili. Watu ni walewale, ucheleweshaji ni uleule, na jopo halikupoteza hata dakika moja. Anayesubiri zaidi katika kundi ni yule wa nne, ambaye hukaa kama saa moja na robo, si saa saba. Kwa hiyo #1, kinachowakinga dhidi ya wachelewaji ni kuwa na watu wawili watatu waliokwisha kuhakikiwa wakisubiri mlangoni. Huhitaji 26.

#9 Zainabu wa Mwisho

Ahsante, #8. Saa moja na robo naikubali hata kwa jina langu hili.

#10 Mkufunzi wa Vituo

Ninafundisha katika chuo cha afya, na kwetu jambo hili huonekana kwa sura nyingine. Katika mtihani wa vitendo wa kuzunguka vituo, wanafunzi huingia kwa pamoja, kila mmoja kwenye kituo chake, kengele inapolia wote wanahama. Mchelewaji hawezi kudandia katikati, kwa sababu atakuwa amekosa vituo ambavyo haviwezi kurudiwa bila kusimamisha mzunguko mzima. Njia pekee ni kumweka katika mzunguko unaofuata, na hilo linawezekana tu ikiwa mzunguko huo uliachiwa pengo tangu mwanzo. Sisi huacha nafasi moja bila jina katika mzunguko wa mwisho. Isipojazwa, watahini hupata nafasi ya kupumua.

Lakini nina angalizo kwa pendekezo la makundi. Sababu kubwa ya kuwaita watu pamoja na kuwafungia chumba kimoja, bila simu, ni kuvuja kwa maswali. Wa kundi la asubuhi akitoka saa 3:30, wa kundi la mchana bado yuko nyumbani na simu yake mkononi. Kwetu, wa mchana huripoti kabla wa asubuhi hawajaachiwa, na makundi hayo mawili hayapiti mlango mmoja. Ukiwaita kila saa, ulinzi huo umeuondoa.

#11 Posho Kwanza

Hapo mkufunzi amegusa jambo, ingawa sijawahi kuona benchi ambalo watu hawakunong'onezana kuhusu maswali hata walipofungiwa wote pamoja.

#12 Takwimu za Kihonda

Hoja ya #10 ni nzito na sitaipuuza. Njia mojawapo ni kuandaa seti kadhaa za maswali, kila kundi na seti yake, zikipima mambo yaleyale. Kuna taasisi zinazofanya hivyo.

#13 Mkufunzi wa Vituo

Kisha msailiwa wa kundi la tatu anakata rufaa kwamba seti yake ilikuwa ngumu kuliko ya kundi la kwanza, nawe huna namna ya kumthibitishia vinginevyo, kwa kuwa hakuna mtu aliyefanya seti zote mbili. Nimeyaona hayo. Kati ya lawama ya kuvuja na lawama ya upendeleo, kila taasisi huchagua ile inayoweza kuibeba.

#14 Mja wa Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Nyote mnahesabu kana kwamba kila mchelewaji huchelewa kivyake. Kwetu, feri ya Likoni ikikwama, hachelewi mmoja, huchelewa kila aliyelala Kusini. Kundi lako la watu wanne likiwa na watatu wa ng'ambo, hao wawili watatu wa mlangoni anaowategemea #8 hawapo. Tulipokuwa tukipanga mahojiano ofisini kwetu, tuliwauliza watu wanakotoka, kisha tukahakikisha kila kundi lina wenyeji wa kisiwani wasiopungua wawili.

#15 Mzee wa Masijala

Hilo la Likoni ni sawa na letu la Kigamboni na pantoni, au mabasi ya mikoani yanayoingia Mbezi. Naliunga mkono, isipokuwa linahitaji kuvunja alfabeti.

#16 Zainabu wa Mwisho

Ivunjwe hata leo.

#17 Hesabu Rahisi

Nimekubali marekebisho kuhusu Bailey, ila hakuna aliyejibu kuhusu dakika tano za tahadhari kwa kila kipindi. Ukipanga dakika 20 badala ya 15, ucheleweshaji unamezwa palepale.

#18 Takwimu za Kihonda

Ukipanga dakika 20, siku ya #1 yenye dakika 390 itabaki na watu 19, na siku tatu zitabaki na 57. Watu 21 watakosa pa kuwekwa. Aidha, jopo likijua lina dakika 20 litazitumia zote 20. Mjumbe ataongeza swali lake alipendalo na tahadhari itakuwa imeliwa kabla mchelewaji hajatokea.

Mimi ningekusanya tahadhari mahali pachache. Kundi la wanne saa 2:30, la pili saa 3:30, kisha kipindi kimoja cha wazi saa 4:30. Makundi mengine mawili saa 4:45 na 5:45, kisha kipindi cha wazi saa 6:45 kabla ya chakula. Mchana, wanne saa 8:00, watatu saa 9:00, na kipindi cha wazi cha mwisho saa 9:45. Hapo una watu 23 na vipindi vitatu vya wazi. Anayechelewa lakini akalikuta kundi lake bado linaendelea, anakuwa wa mwisho katika kundi. Akikuta limekwisha, anasubiri kipindi cha wazi kinachofuata. Akija baada ya kile cha saa 9:45, hana nafasi tena, na hilo liandikwe katika barua ya wito ili asije akadhani ameonewa.

#19 Mratibu wa Zamu

Nawashukuru wote. Ila 23 mara tatu ni 69, nami nina 78. Tisa hawa niwapeleke wapi?

#20 Takwimu za Kihonda

Tazama kumbukumbu za usaili uliopita uone ni wangapi waliitwa na hawakutokea kabisa. Kama ni mmoja kati ya kumi, basi katika 78 watakosekana kama wanane, watafika 70, na karibu wote wataenea katika zile 69. Unawaita 26 kila siku, ukitegemea wawili watatu wasije.

#21 Mja wa Likoni

Na siku ambayo wote 26 wamekuja? Wastani ni wa siku zote tatu, lakini jopo hukaa siku moja moja.

#22 Takwimu za Kihonda

Siku hiyo vipindi vyote vitatu vya wazi vitajazwa na wanaostahili, na akitokea mchelewaji hata mmoja wa kundi lililokwisha, hana pa kuwekwa. Vipindi vilevile umevipa kazi mbili, kufidia wachelewaji na kupokea watu wa ziada, navyo haviwezi kufanya zote mbili kwa pamoja. Sina njia ya kuikwepa hesabu hiyo. Anayetaka uhakika aombe nusu siku ya nne.

#23 Posho Kwanza

Nusu siku kwa hesabu, siku nzima kwa posho.

#24 Kijana Mtafutaji

Samahani kwa swali langu la awali. Naona nina jambo moja linalohusu mada. Rafiki yangu alichelewa usaili kwa saa tano na nusu bila kosa. Wito wake ulitoka kwenye mfumo ukiwa umeandikwa "Muda: 8:00", bila neno asubuhi wala mchana. Yeye akasoma saa nane, akala chakula cha mchana mapema, akafika saa 7:30 akiamini amewahi. Alikuta jopo liko mapumzikoni na jina lake limekwisha kupigwa mstari.

#25 Mzee wa Masijala

Kijana, umeleta jambo la maana kuliko tulivyokutania. Mfumo hutoa saa ya Kizungu, barua ni ya Kiswahili, na msomaji hana kosa. Sisi tulikuwa tukiandika "saa 2:00 kamili asubuhi" na kuisoma mara mbili kabla ya kugonga mhuri. Mratibu, hakikisha mfumo wenu haukutangulii.

#26 Mkufunzi wa Vituo

Kabla hatujawamaliza wasailiwa kwa lawama, jopo lenyewe nalo huchelewa. Mwenyekiti akifika saa 3:00 badala ya 2:30, amekula vipindi viwili, yaani sehemu kubwa ya akiba yote ya #18 imeondoka kabla ya mtu wa kwanza kukaa. Katika ratiba yoyote niliyopewa kuipitia, sijaona kanuni ya mjumbe aliyechelewa.

#27 Takwimu za Kihonda

Ndiyo maana hushauri afisa wa mlangoni awe na karatasi yenye saa tatu kwa kila msailiwa: aliyofika, aliyoingia na aliyotoka. Jioni angalia mapengo kati ya mmoja kutoka na mwingine kuingia. Pengo likiwa kubwa wakati hapakuwa na mtu aliyehakikiwa benchini, tatizo ni wachelewaji au dawati la vyeti. Likiwa kubwa ilhali watu watatu wanasubiri, tatizo liko ndani: mara nyingi ni wajumbe kulinganisha alama za aliyetoka kabla ya kumwita anayefuata. Niliwahi kupitia karatasi ya namna hiyo ambapo kila aliyelalamikiwa kwa uchelewaji alikuwa amefika kabla ya saa yake, na mapengo ya dakika nne nne yalikuwa ya jopo kujumlisha alama. Dakika nne kwa watu 23 ni zaidi ya saa moja na nusu. Hapo hata uwaite saa 11 alfajiri hutaokoa kitu.

#28 Mzee wa Masijala

Sikubaliani na mwisho wako, #27. Kulinganisha alama papo hapo ndiko kunakozuia mjumbe mmoja kumpa mtu 90 na mwingine kumpa 40 kisha wote wasahau sababu. Dakika hizo nne ni sehemu ya usaili. Kama ratiba haikuzihesabu, kosa ni la ratiba.

#29 Takwimu za Kihonda

Basi zihesabiwe, mzee wangu. Mahojiano yawe dakika 11 na alama dakika 4, na mwenyekiti awe na saa mbele yake.

#30 Mzee wa Masijala

Dakika 11 kwa mtu wa shahada, maswali matano? Utapata salamu na jina la chuo.

#31 Mratibu wa Zamu

Nimepeleka rasimu leo mchana: makundi ya wanne, yaliyochanganywa kwa mahali wanakotoka, kuripoti nusu saa kabla, vipindi vitatu vya wazi, na saa zote zimeandikwa kwa maneno. Maombi ya nusu siku ya nne nimeyaambatanisha. Kuhusu maswali, mkuu wangu ameegemea upande wa #10, anataka makundi mawili tu, la asubuhi na la mchana, na simu zikusanywe. Nimemwonyesha kwamba kundi la asubuhi litakuwa na watu 16 na wa mwisho wao atasubiri zaidi ya saa nne. Akajibu kwamba saa nne ni pungufu ya saba. Mwenye hoja ya kumshawishi kuhusu seti za maswali ailete kabla ya Ijumaa.

#32 Zainabu wa Mwisho

Muulize kwanza kama katika hayo makundi mawili orodha bado itapangwa kwa alfabeti.